Chaja ya Qi2 na iPhone 13 yangu: nimepima stima, nimepima joto, sasa nasema kama bei inafaa

Kila mtu akiona chaja yangu ya bila waya kwa meza swali la kwanza ni hili, si hiyo kitu inakula tokeni sana? Nitaanza hapo basi, kwa sababu jibu lilinishangaza hata mimi.

Simu ni iPhone 13, ile ya eks-yuke kama ya watu wengi hapa Nairobi, na betri yake ikiwa mpya hubeba kama wati-saa 12.4. Chaja ni stendi ya sumaku ya Qi2, yaani kile kiwango kipya cha kuchaji bila waya, niliyonunua Moi Avenue kwa 4,800, bila adapta, adapta ya wati 30 nikaongeza 1,800. Nyumbani tulikuwa pia na pedi ya kawaida ya bei rahisi, ile bapa unalaza simu juu yake haina sumaku, ya dada yangu, 1,200 tu. Na kebo bila shaka. Nikachukua kile kimita cha kuchomeka kwa soketi halafu adapta unachomeka juu yake, kinakuonyesha wati na wati-saa, nikachaji simu kutoka karibu sufuri mpaka ijae kwa njia zote, simu imelala tu haifanyi kazi.

Kwa kebo ukutani zilitoka kama wati-saa 16. Kwa Qi2 zikatoka kama 21. Kwa ile pedi bapa, nikiweka simu katikati kabisa, 23, lakini nikiiweka vile mtu huweka simu usiku akiwa na usingizi, imeenda pembeni kidogo, ilifika 28 na ikachukua muda mrefu ajabu. Yaani ndio, ni ukweli bila waya inapoteza stima, hakuna mtu wa kubisha. Lakini piga hesabu. Tofauti ya kebo na Qi2 ni wati-saa 5 kwa chaji moja, ukijaza kila siku mwaka mzima ni kama yuniti 1.8, kwa sababu yuniti moja ni wati-saa 1,000, na yuniti ukiweka kodi na makato yote tuseme ni shilingi 28 hivi, hiyo ni kama bob 50 kwa mwaka. Kwa mwaka! Hata ile pedi ikiwekwa vibaya kila siku haifiki 130. Kitu watu hawafikirii ni kwamba pedi ikiachwa kwa soketi bila simu juu bado inakula kidogo, kwa sababu kila mara inatuma mpigo mdogo kuangalia kama kuna simu imewekwa. Ikila robo ya wati tu, saa 24 kila siku, kwa mwaka ni zaidi ya yuniti 2, kumaanisha kukaa bure kwa soketi kunaweza kula kuliko ule upotevu wa kuchaji wenyewe. Zima soketi ukitoka, basi, mambo ya tokeni yameisha hapo.

Sasa hizo wati-saa zilizopotea zimeenda wapi? Zimekuwa joto, na hapa ndio mimi nilianza kuwa makini.

Ukichaji kwa kebo, kazi kubwa ya kubadilisha stima ya ukutani inafanyika kwa adapta, ndio maana adapta ndiyo huwa moto, iko mbali na simu. Bila waya kuna koili, yaani waya uliozungushwa duara, kwa chaja na koili ingine ndani ya simu, chini ya kioo cha nyuma, inakaa hapo hapo na betri. Koili ya chaja inatengeneza uga wa sumaku unaobadilika mara laki na zaidi kwa sekunde, koili ya simu inaudaka inaugeuza kuwa stima tena, halafu kuna saketi ya kuinyoosha iwe ya kuingia kwa betri. Kila hatua inaacha joto kidogo na sehemu kubwa ya hilo joto inabaki ndani ya simu, mgongoni mwa betri.

Na kuna kitu kingine ambacho kinaeleza kwa nini pembeni kidogo ni mbaya hivyo. Simu na chaja zinaongea wakati wote. Simu inaambia chaja, sipati ya kutosha ongeza, au inatosha punguza. Koili zisipolingana simu inapata kidogo, inaomba zaidi, chaja inasukuma mkondo mkubwa kwa koili yake, na mwingi wa uga huo haufiki kwa koili ya simu, unapashia moto vyuma vilivyo karibu. Ni kama kumimina maji kwa mtungi huku mdomo wake haujalingana na mfereji, unafungua mfereji zaidi na zaidi na sakafu ndiyo inajaa. Kwa hivyo simu inachaji polepole NA inakuwa moto, zote mbili pamoja, na hiyo ndiyo dalili ya kuangalia.

Nilipima na kile kipima joto cha bunduki cha wakati wa Korona, hicho ukibadilisha modi kinapima uso wa kitu chochote. Chumba kilikuwa digrii 23. Kebo, mgongo wa simu ulipanda mpaka 32 hivi. Qi2 ulifika 37. Pedi bapa simu ikiwa pembeni, 41, na kumbuka hiyo ni nje, kioo, ndani kuna joto zaidi. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike mahali pana joto la kati ya sufuri na 35, na joto likizidi ndani simu inajilinda, inapunguza kasi au inasimamisha chaji kabisa na kuandika Charging On Hold. Betri za lithiamu zikikaa kwa joto huku zimejaa ndio zinazeeka haraka. Betri ya 13 imeundwa ibaki na asilimia 80 baada ya chaji kamili 500, na hizo 500 ni kwa hali nzuri, sio kupikwa usiku kucha chini ya mto. Fundi aliniambia betri nzuri ya 13 ni elfu 6 na kitu. Kwa hivyo ukitaka kujua gharama ya kweli ya chaji bila waya angalia hapo, si kwa mita ya stima.

Hii ndio sababu mimi nasema sumaku ndiyo unayolipia. Qi ya kwanza ilitoka 2010 ikiwa wati 5, na miaka yote hiyo kulinganisha koili ilikuwa kazi yako wewe na macho yako. Apple walileta MagSafe na iPhone 12 mwaka wa 2020, duara la sumaku linalovuta simu mahali pake, halafu wale wa Wireless Power Consortium wanaosimamia Qi wakachukua wazo hilo hilo wakaliweka kwa Qi2, ikatangazwa 2023, wati 15. 13 na 14 zilipata Qi2 kupitia iOS 17.2, kwa hivyo usikubali mtu akuambie simu yako ni nzee. Baadaye ikaja Qi2 ya wati 25, lakini 13 haifiki huko, usilipie zaidi kwa hiyo.

Na hapa muwe macho sana mkiingia madukani. Kuna chaja nyingi zimeandikwa zinakubaliana na MagSafe, na kweli zina sumaku, simu inashika vizuri kabisa, lakini ndani ni Qi ya zamani na iPhone inavuta wati 7.5 tu kutoka kwazo. Kuangalia kwa macho huwezi kujua. Mimi nilijua kwa ile mita: betri ikiwa chini, asilimia 20 hivi, na simu iko baridi, Qi2 ya kweli inavuta karibu wati 20 ukutani kwa dakika za kwanza, hizo zingine zinakwama kwa 10 au 11. Kama huna mita, tafuta jina la modeli kwa orodha ya bidhaa zilizothibitishwa kwa tovuti ya hao Wireless Power Consortium, kama haimo basi hiyo nembo kwa boksi ni rangi tu. Angalia na adapta pia, ukichomeka stendi nzuri kwa kichwa cha zamani cha wati 5 hata hizo wati 5 hazitafika zote kwa simu na hakuna sumaku itakuokoa.

Je, raha yake inafaa hiyo bei? Kwangu, kwa meza ya kazi, ndio, na sababu ni tundu la chaji. Mimi nafanya kazi nikiwa na simu kama hotspoti mchana wote, naichukua naiweka, naichukua naiweka, kwa kebo hiyo ni kuchomoa na kuchomeka mara nyingi mno, na vumbi la huku Kasarani mnalijua. Tundu lilikuwa limeanza kulegea, kebo inashika ukiipinda upande mmoja. Kwa stendi simu inagusa tu inashika, inasimama naona meseji, na kwa sababu ni chaji fupi fupi haifiki moto mwingi. Kava langu ni la sumaku, jembamba, kava nene bila sumaku linaharibu kila kitu nilichosema. Na kadi ya benki au ya mlango wa ofisi usiiache nyuma ya simu, Apple wanaonya zinaweza kuharibika.

Kwa usiku nimerudi kwa kebo. Nina saa saba za kulala, haraka ya nini, na simu inaamka baridi.

Kwa gari sishauri, angalau si kwa kioo cha mbele. Rafiki yangu anaendesha teksi, aliweka kishikio cha sumaku kinachochaji hapo juu ya dashibodi, jua la saa nane, ramani imewaka, skrini mwanga wote, yuko kwa jamu ya Thika Road. Simu inasema inachaji na asilimia zinashuka, kwa sababu ikishapata moto inapunguza chaji mpaka chini ya kile ramani na skrini zinakula. Alihamisha kishikio mbele ya tundu la eesi ikawa afadhali sana, lakini siku asipowasha eesi anatumia kebo.

Na pawabenki ya sumaku, hii ndiyo ningewaambia muweke pesa mfukoni, hasa kama mnanunua kwa ajili ya stima ikipotea. Ukutani wati-saa zilizopotea ni za bob chache, lakini ndani ya pawabenki hakuna zingine. Ya 10,000 mAh ina wati-saa 37. Nikitumia kebo napata kama 26 zikiingia kwa simu, hiyo ni kujaza 13 mara mbili. Nikiibandika kwa sumaku napata 18 hivi, mara moja na nusu, na zote mbili, simu na pawabenki, ziko moto mkononi. Giza likiwa la mpaka asubuhi, hiyo nusu ndiyo unahitaji. Nyingi zina tundu la kebo pembeni, litumie hilo, na kama bado hujanunua chukua ile ya kawaida isiyo na sumaku, bei ni nusu na inakupa chaji zaidi.