WhatsApp inaikata picha yako kabla haijafika: acha HD, tuma kwa Document

Karibuni tena jamani. Leo sina simu mpya mezani. Nina hasira, na nataka mwione sababu yake kwa macho yenu.

Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya familia aliyoipiga, watu kumi na wanne, nikachapishe kwenye karatasi ya A3 kwa ajili ya mama. Kwenye simu ilikuwa safi kabisa. Ilipotoka kwenye mashine, nyuso za waliosimama nyuma zilikuwa zimevurugika, huwezi kujua nani ni nani. Mchapishaji hakuwa na kosa. Aliyepiga hakuwa na kosa. Picha ilikatwa njiani.

Hebu tazama hapa. Hii ndiyo picha ya asili kwenye simu iliyoipiga. Nafungua maelezo yake: 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12. Na hii ni ileile niliyopokea WhatsApp: 1600 kwa 1200. Piga hesabu, hazifiki hata milioni 2. Sehemu tano kati ya sita zimeachwa nyuma! Sasa A3 ina urefu wa inchi 16 na nusu. Gawa 1600 kwa hapo, unapata pikseli 97 hivi kwa kila inchi, wakati wachapishaji hupenda 300. Uso wa mtu aliye nyuma unabaki na pikseli chache mno, na mashine haiwezi kubuni zilizopotea.

Na si kupunguzwa tu. Baada ya kupunguzwa, picha inabanwa upya kwa JPEG. Navuta kwa vidole hapa kwenye maandishi ya fulana, sogea karibu uone. Unaona vile vijisanduku na ukungu kuzunguka herufi? JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana mipaka ya vipande hivyo inaanza kuonekana. Tena kinachotupwa kwanza ni vitu vidogo vidogo, ndiyo maana maandishi na nywele huharibika kabla ya anga.

Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Picha ndogo inafika haraka na haimalizi bando la anayepokea, na bando ni pesa. Kwa picha ya salamu za asubuhi, sawa kabisa, sina ugomvi.

Mtaniambia, "Si kuna HD?" Ipo tangu 2023, ile alama ya HD juu ya picha kabla hujatuma, na mimi mwenyewe niliishangilia ilipokuja. Ni bora kuliko kawaida, tena sana. Lakini jina lake linawapotosha watu. HD bado inabana. Faili linalofika si lile ulilolipiga. Kadiri ninavyoitumia ndivyo ninavyoiona ni ya kutazamia kwenye skrini, si ya kuchapisha. Telegram nayo ikituma picha kwa njia ya kawaida inaipunguza, kwa hiyo wale mnaonitumia maoni kila siku "hamia Telegram", hata huko lazima uchague kutuma kama faili.

Sasa hii ndiyo ninayoipenda. Fungua mazungumzo, gusa alama ya klipu, au ya kujumlisha kwenye aifoni, lakini usiguse Gallery wala Photos. Gusa Document. Kwenye Android tafuta folda ya DCIM, ndani yake Camera, chagua picha yako. Kwenye aifoni, ihifadhi kwanza kwenye Files, kisha uichukue huko kupitia Document. Tuma. Ona inavyofika: jina la faili, na ukubwa wake pembeni. Yangu ni megabaiti 4 na kidogo, ilivyo kwenye simu yangu. Nafungua maelezo, 4000 kwa 3000. Haijaguswa! Faili moja linaweza kufika hadi gigabaiti 2, kwa hiyo picha haitakushinda.

Kosa ninaloliona sana: mtu anachukua picha iliyokwisha kufika ikiwa imekatwa, anaituma tena kama Document. Haisaidii. Utapata ile 1600 kwa 1200 ikiwa imehifadhiwa vizuri. Lazima itoke kwa aliyepiga, na awe hajaifuta.

Jambo moja la kuangalia. Picha ya kawaida ya WhatsApp huvuliwa taarifa zake za ndani. Ya Document hubaki nazo, na kama kamera yako inarekodi mahali, anayepokea anaweza kuona picha ilipigwa wapi. Ya nyumbani kwako mtumie unayemwamini tu, au zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.

Video ijayo ni ya kutuma video ndefu, mmeiomba sana. Mimi namrudia binamu sasa hivi, anitumie ile picha upya kwa Document, nimpelekee mchapishaji leo jioni.