TAHADHARI: Kontrola ya "MPPT 60A" inayouzwa Arua na paneli za wati 330

Ndugu zangu wa Arua, Koboko, Yumbe na kwingineko, kuna duka la sola hapa mjini linauza seti inayotia watu hasara. Jina silitaji kwa sababu shauri bado linaendelea, lakini bidhaa yenyewe mtaitambua: paneli mbili za wati 330, betri mbili za volti 12 na kontrola, kile kifaa cha kusimamia chaji kati ya paneli na betri, iliyoandikwa kwa herufi kubwa "MPPT 60A", yaani aina inayogeuza volti za ziada za paneli ziwe ampea, mwisho ampea 60. Mimi ni fundi, na niliitwa na mama mwenye duka la vinywaji Koboko baada ya seti yake kuungua siku ileile iliyofungwa.

Fundi wa duka aliunga paneli kwa mfuatano, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Alimwambia mama kwamba MPPT inapokea volti nyingi. Zipo MPPT zinazopokea, hii sivyo. Nyuma ya paneli stika inasema Voc ni 46V, nayo ndiyo volti ya paneli isiyobebeshwa mzigo wowote. Kwa mfuatano volti hujumlishwa na ampea hubaki zilezile, kwa hiyo kontrola ilipigwa na 92V. Chini ya kontrola, kwa maandishi madogo ambayo duka halimwonyeshi mtu, imeandikwa mwisho wa kupokea ni 50V. Nilipoifungua, kapasita ya upande wa paneli ilikuwa imepasuka kichwa.

Duka likasema ni radi. Radi gani inayoua kontrola peke yake, ikaacha inveta na paneli zikiwa nzima? Baada ya kelele nyingi wakampa nyingine ya aina ileile, wakabadilisha muungano uwe sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Hapo volti hubaki 46 na ampea ndizo zinazojumlishwa. Haikuungua tena, na wengi wangeishia hapo wakashukuru. Mama alilalamika kwamba friji linazima kabla ya usiku wa manane, nikarudi na mita ya kubana.

Saa sita mchana, jua kali, betri bado zina njaa, waya wa kutoka paneli ulikuwa na ampea 17. Waya wa kwenda betri nao 17. Volti kwenye mdomo wa paneli zilikuwa zimeshuka hadi karibu na zile za betri, 13 na kitu. Huo ni ushahidi tosha kwamba ndani ni PWM, kontrola ya aina rahisi inayounga paneli moja kwa moja na betri bila kugeuza volti. MPPT ya kweli huiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake, kama 33 hivi paneli ikiwa imechemka juani, halafu hugeuza zile volti za ziada ziwe ampea. Pale betri zingepata kama ampea 40. Mama amelipia wati 660, anapata kama 230.

Kwa hiyo kipimo ni hicho: betri ikiwa haijajaa na jua limewaka, pima pande zote mbili za kontrola. Ampea zikilingana huku volti za paneli zimelala kwenye za betri, umeuziwa PWM yenye jina la kuazima. Dukani usipoweza kupima, ibebe mkononi usikie uzito wake. MPPT ya ampea 60 ina koili nene ya shaba na chuma cha kupozea joto, ni nzito. Hii ya kwao ni nyepesi kama redio ndogo.

Paneli hizi mbili ukitaka kuziunga kwa mfuatano, tafuta kontrola ya kweli inayopokea 150V. Ya 100V inaonekana inatosha kwa 92, lakini baridi huongeza Voc, takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Kabale alfajiri ikiwa nyuzi 10, zile 92 zinafika 96, na nafasi iliyobaki ni ndogo mno.

Upande wa ampea nao una mwisho. Ampea 60 kwenye betri za volti 12 ni wati 800 na kidogo tu. Duka hilo linawashauri watu waongeze paneli mbili zaidi "kwa kuwa kontrola ni kubwa". Hata ingekuwa MPPT halali, wati 1,320 zinataka ampea zaidi ya 90 kwenye volti 12, na zinazozidi 60 hazitafika kwenye betri. Kwa paneli nne, unga betri ziwe volti 24.

Aliyekwisha kununua aangalie leo muungano wake. Kama ni mfuatano na kontrola ni ya 50V, funika paneli au subiri jua lizame kabla ya kugusa waya. Risiti na boksi msitupe. Mama wa Koboko tunampeleka UNBS, shirika la viwango la Uganda, na kontrola iliyoungua, na kila mwenye risiti ya duka hilo aniandikie ili tupeleke malalamiko pamoja.