Alama sita za sawasawa, na dada aliyetaka skrinshoti ya ufunguo

Bei na makato ya huduma hii ya kupokea malipo mtayakuta kwenye ukurasa wao. Mimi nina neno na jambo moja tu: siku walipotulazimisha wateja wote kutumia namba za uthibitisho za tarakimu sita, na dada wa huduma kwa wateja aliyenijibu kama vile nimeenda kumkopa hela.

Nahudumia mifumo ya kompyuta ya lodge ndogondogo hapa Moshi. Ilikuwa kabla ya msimu wa wageni kuanza. Nilikuwa kwa mama mmoja mwenye lodge, hana kompyuta, mambo yake yote yapo kwenye simu. Msimbo wa QR ulio kwenye kioo cha simu huwezi kuusoma kwa kamera ya simu hiyohiyo, kwa hiyo tukanakili ufunguo wa maandishi na kuubandika kwenye programu ya uthibitisho. Ulikuwa na herufi 26, zikafuatiwa na alama sita za sawasawa, `======`. Programu ikaukataa, ikasema ufunguo si sahihi.

Nikapiga simu. "Kaka, rekebisha saa ya simu yako." Nikamweleza kwa upole kwamba saa haihusiki hapa. Saa ikikosea, ufunguo unapokelewa, namba sita zinatokea, ila mfumo wao ndio unazikataa. Sisi hata namba ya kwanza hatujaiona. Akanikatiza: "Wenzako wote wameweza. Andika herufi zote 32 kama zilivyo." Nilipobisha akasema, "Basi nitumie skrinshoti ya huo ufunguo wasapu nikuangalizie."

Jamani! Ule ufunguo ndiyo siri yenyewe. Mwenye nao anatoa namba zilezile anazotoa mama wa watu kwenye simu yake, leo, kesho na mwaka ujao. Na anayeuomba ni mfanyakazi wa kampuni inayoshika hela zetu! Nilikata simu. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Tatizo lenyewe liliisha ndani ya dakika moja. Nilifuta zile alama sita, nikabandika tena herufi 26, programu ikapokea, namba zikakubalika. Kwa nini alama zilikuwepo, hilo dada alipaswa kulijua. Siri ni baiti tupu, na Base32 inaziandika kwa herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7. Kila herufi inabeba biti tano, wakati baiti ina biti nane, kwa hiyo hesabu inakutana sawasawa kila baada ya baiti tano, yaani herufi nane. Neno Moshi lina baiti tano kamili, linatoka `JVXXG2DJ`, hakuna cha kujazia. Arusha ina baiti sita. Ile ya sita inabaki peke yake na biti zake nane, inachukua herufi mbili, kisha fungu la nane linajaziwa alama: `IFZHK43IME======`. Siri ya hawa jamaa ni ya baiti 16, yaani biti 128. Gawanya kwa tano, unahitaji herufi 26, na kufika 32 zinaongezwa alama sita. Alama hizo hazibebi siri yoyote. Laiti wangetumia baiti 20, herufi zingekuwa 32 kamili na haya yote yasingetokea.

Kuna kipimo kimoja kilichonisaidia kujua kwamba hatukukata herufi wakati wa kunakili. Katika ufunguo wa herufi 26, herufi ya mwisho inabeba biti tatu za siri na sifuri mbili. Kwa hiyo lazima iwe A, E, I, M, Q, U, Y au 4. Tazama Arusha hapo juu, inaishia na E. Wa kwetu uliishia na Q, nikajua uko mzima.

Sasa kusema haki. Kanuni ya Base32, RFC 4648 ya mwaka 2006, inataka alama za kujazia ziwepo isipokuwa mpangilio unaoitumia umesema vingine. Mwandishi wa programu yao hakuwa mjinga. Ila maelezo ya kiungo cha `otpauth://`, kinachofichwa ndani ya ule msimbo wa QR, yanasema alama ziachwe, na programu za simu zimejengwa kwa mazoea hayo. Nikatulia, nikawapa nyota tatu.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa namfungulia mhasibu wa lodge, aliyeko Arusha. Nikaona wamerekebisha! Ufunguo herufi 26, hakuna alama. Ila wameuandika kwa herufi ndogo, na mhasibu akachapa 1 palipokuwa na l. Katika Base32 hakuna 0, 1, 8 wala 9, kwa hiyo kinachofanana na moja ni lazima kiwe herufi. Tukasahihisha, programu ikapokea. Mfumo wao ukazikataa namba.

Niliweka ufunguo huo kwenye simu mbili, kisha kwenye kompyuta yangu kwa `oathtool --totp -b`. Zote tatu zikatoa tarakimu sita zilezile kwa wakati mmoja. Hapo kosa lilikuwa kwao, halina mjadala. Nikashusha nyota ikabaki moja.

Nilipoandika malalamiko, kijana wa ufundi alinipigia mwenyewe, akasema pole kabla hata sijamaliza salamu. Huyu namheshimu. Alifungua kumbukumbu za mfumo nikiwa hewani, akasoma `Incorrect padding`. Walikuwa wamefuta alama kwenye hifadhi yao pia, na kifaa cha Python wanachotumia kufumbua ufunguo hakikubali urefu usiogawanyika kwa nane. Akaongeza alama sita, akajaribu, likaja jingine: `Non-base32 digit found`. Hizo ni herufi ndogo, kifaa hicho kinataka kubwa. Nikamtumia hii:

```python
s = s.replace(" ", "").replace("-", "")
s = s.rstrip("=").upper()
s += "=" * (-len(s) % 8)
ufunguo = base64.b32decode(s)
```

Safisha kwanza, kuza herufi, ndipo ujaze kulingana na urefu uliobaki. Kwa herufi 26, `-26 % 8` inatoa sita. Mteja akiandika kwa nafasi, kwa herufi ndogo, akiacha alama au asiache, anaingia. Kwenye kioo waonyeshe herufi kubwa bila alama. Jioni hiyohiyo mhasibu aliingia, na yule kijana alinipigia tena kuhakikisha.

Nilitaka kurudisha nyota zote tatu, hata nne, kwa ajili yake. Lakini juzi rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya kupandia mlima alikwama kwa kuwa ufunguo wake ulikuwa bado ule wa zamani wenye alama. Akapiga huduma kwa wateja. Wakamwambia aandike herufi zote 32 kama zilivyo, na akishindwa atume skrinshoti wasapu. Akatuma.

Nimekesha naye tukifuta ufunguo huo na kuomba mpya. Nyota moja, na siiongezi.