TAHADHARI: Kijana "anayesafisha" picha za vyumba, msimpe kazi!

Jamaa zangu wenye vyumba vya kukodisha, Mjini na mashamba, nisomeni kabla hamjatuma pesa. Jina la huyu kijana silitaji hapa, sheha kanikataza mpaka tukae kikao. Lakini anayetafuta fundi wa picha na anitafute pembeni nimwambie. Wallahi naandika mkono unatetemeka, nusu hasira, nusu haya.

Kile chumba changu cha juu cha kukodisha mnakijua, na mnajua nilivyokihangaikia. Mwezi uliopita nikasema sasa nakitangaza vizuri. Mpwa wangu akanipigia picha saba kwa simu yake. Chumba kizuri, samadari ya marehemu mama, zidaka viwili ukutani, dirisha la mbao. Ila picha zilikuwa aibu tupu. Ndoo nyekundu pembeni, ndara tatu za mguu mmoja mmoja, kanga zangu zimerundikwa kitandani, na ile ekstensheni nyeupe imejinyoosha sakafuni kutoka mlangoni mpaka kitandani kama nyoka aliyeshiba. Mtu mwenye akili angetoa vitu nje akapiga upya. Mie nikaona uvivu. Mpwa keshashuka ngazi, jua linazama, nikasema nitatafuta wa kuzifuta.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa akanipa namba ya huyu kijana. Msinicheke jamani, kijana ana adabu! Alianza kwa salamu, akauliza hali, akauliza watoto, akaniita mama. Akanitumia picha mbili za chumba cha Nungwi, kabla na baada. Kabla, waya zimetapakaa kama utumbo wa kuku. Baada, chumba kimenyooka. Nikamuuliza kwa maandishi, ninayo mpaka leo: "Hutabadilisha chumba changu?" Akajibu: "Mama mimi sibadilishi chumba, nasafisha tu." Nani asingeamini? Shilingi 10,000 kila picha, nusu kwanza. Nikatuma 35,000 hapo hapo.

Siku ya pili niko Darajani, kikapu mkononi, muuza changu ananipigia kelele kwa sababu nimemshika samaki na sitoi pesa. Simu ikalia. Picha saba. Jua la saa saba linapiga kwenye kioo cha simu, miwani nimeacha nyumbani, nikaziona vidogo vidogo kama stempu. Ndoo hakuna, ndara hakuna, waya hakuna. Chumba cheupeee. Nikasema mashallah kwa sauti, muuza samaki akaitikia. Nikamtumia 35,000 zilizobaki nimesimama pale pale, wala sikuivuta picha hata moja kuitazama kwa karibu. Jioni nikazipandisha kwenye tangazo.

Baada ya siku tisa akaja mgeni, mzee wa Kijerumani, mpole, kalipia usiku tatu, dola 30 kila usiku. Kapanda zile ngazi anahema, kaweka begi chini, kaenda moja kwa moja upande wa kitanda, kainama. Kapapasa ukuta. Katoa simu yake, katazama picha, kapapasa tena. Mie nimesimama na sinia ya tende. Nikadhani kaangusha kitu. Kumbe anatafuta soketi.

Soketi gani? Chumba kile kina soketi moja tu, ya mlangoni, mnaijua, ile yenye tone la rangi ya kijani tuliyopakia mlango. Ndiyo sababu ya ekstensheni. Basi mzee akanionyesha picha yangu mwenyewe: kando ya kitanda, sawasawa na goti, soketi safi inang'aa. Akaniambia analala na mashine ya kumsaidia pumzi, na kaamua kuja kwangu kwa ajili ya soketi ile. Nikamletea ekstensheni. Akaitazama inavyokatiza pale pale anapopita mtu akienda chooni usiku, akatikisa kichwa. Kisha akaona doa la unyevu chini ya dirisha, ambalo kwenye picha halimo. Hakugomba. Bora angegomba. Kaondoka baada ya nusu saa, nikarudisha dola zote 90, na maoni yake yapo pale kila mtu anasoma: picha si za kweli. Mie, mtoto wa nyumba ile, naitwa mwongo!

Jioni mpwa akaja, akaweka picha mbili kando kwa kando kwenye kompyuta ya skuli, akazivuta mpaka kubwa. "Shangazi, tazama." Soketi ya kando ya kitanda ina tone la rangi ya kijani. Lile lile, kona ile ile. Akanieleza kuwa katika Photoshop kuna brashi inaitwa Clone Stamp. Haifuti kitu, inanakili. Unachagua pahala safi pa kuchota, kisha unapaka juu ya unachotaka kukificha, na pahala pa kuchotea panatembea sambamba na mkono wako. Mkono ukienda kulia, nako kunakwenda kulia. Fundi huyu alichota ukuta mweupe wa karibu na mlango ili aufunike waya kitandani, brashi kubwa, mkono wa haraka, kule pa kuchotea pakapita juu ya soketi, soketi ikahamia kitandani. Labda hakuiona. Labda aliiona akasema inapendeza. Vyovyote, hakunambia.

Tulipoanza kutazama, tukaona mengine. Waya uliofutwa sakafuni bado upo ndani ya kioo cha kabati! Ndoo imeondoka, kivuli chake kimebaki. Kidaka cha kushoto kimekatwa kona. Mistari ya vigae haikutani pale ndara zilipokuwa.

Na doa la unyevu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu doa lile sikumwambia aliguse. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta maji, chumvi inatoka ukutani, unapaka chokaa leo, masika linarudi. Lile si taka, ni ukuta wenyewe. Kaufanya laini kama wa nyumba iliyojengwa jana.

Lakini na mie nina kosa langu, naliandika ili msinisute nyuma. Hata angefuta waya ule kwa ustadi wa malaika, bila kuzusha soketi, picha ingekuwa ya uongo bado. Ndoo naweza kuishika nikaitoa kabla mgeni hajafika, ndara vilevile, kanga vilevile. Kuzifuta kwenye picha hakumdhulumu mtu, maana akija hazikuti. Ekstensheni je? Akija ataikuta, kwa sababu bila hiyo hakuna umeme kitandani. Waya ule ulikuwa unasema jambo kuhusu chumba, nami nikalipa pesa unyamazishwe. Laiti kijana angeniuliza swali moja tu, "Mama, waya huu unatoka au unabaki?", tungeelewana. Hakuuliza swali hata moja. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, ishikeni.

Dalili nyingine, nazitaja upesi maana damu inachemka. Hatumi orodha ya alivyofuta. Anatuma picha ndogo zilizobanwa, ukiomba kubwa anasema zimefutika. Anadai salio kabla hujafika nyumbani. Ukimwambia kuna kosa anakuita "mama yangu" mara tatu kisha anakufungia namba. Ndiyo, kanifungia!

Na haya hamjayasikia. Juzi binti wa dada yangu kaniletea simu. Kijana kaweka chumba CHANGU kwenye tangazo lake, kabla na baada. Kabla: ndoo yangu, kanga zangu, na shimizi yangu ambayo hata mie sikujua imo kwenye picha, inaning'inia kwenye nguzo ya samadari. Watu wanamsifu chini yake, "fundi hodari". Shimizi yangu! Mtu huyu achukuliwe hatua, arudishe 70,000 na zile dola 90, aombe radhi mbele ya watu, na kama sheria inaruhusu kumfungia simu yake mwaka mzima, afungiwe. Nitakwenda mpaka polisi Malindi nikiona kikao hakina maana.

Wanaouliza nimefanyaje na chumba: fundi umeme kaja, kasema ukuta wa matumbawe hauchimbwi ovyo, mawe yanamomonyoka, basi kapitisha waya juu ya uso wa ukuta ndani ya bomba jembamba jeupe la plastiki, kwa chini, mpaka kitandani, kaweka soketi ya kweli. Bomba linaonekana na kwenye picha nimeliacha. Tumepiga upya asubuhi saa tatu, dirisha wazi, simu kwenye kimo cha kifua, na kila kinachohamishika kimewekwa ukumbini. Tumekuta kimoja tu tulichosahau, waya wa chaja juu ya meza. Mpwa kaufuta kwa Snapseed, programu ya picha ya kwenye simu, sehemu inayoitwa Healing. Anasema ile haina ukubwa wa brashi wa kuchagua, unaivuta picha karibu kwanza ndipo kidole kiguse kidogo, usipovuta inakula na ukingo wa meza. Mara ya kwanza ikala kweli, ukingo ukajikunja kama mkate wa maji, akarudisha nyuma kwa mshale, akavuta zaidi, ikakaa. Kisha akakagua kioo cha kabati kama waya umebaki mle. Picha za mwanzo tumeziweka, hazifutwi.

Doa la dirishani nimelipiga picha yake peke yake, karibu, na chini nimeandika: "Ukuta wa mawe ya zamani, una alama ya unyevu chini ya dirisha." Dada kasema najiharibia biashara. Jana mtu kauliza tu kama doa lina harufu, nikamjibu wakati wa masika lina harufu kidogo, kalipia usiku mbili.

Kikao kwa sheha ni Jumamosi baada ya alasiri. Nasikia kuna dada wa Jambiani naye kafanyiwa, dirisha lake limetoka bila nondo. Dada kama unasoma, njoo na picha zako zote mbili, ya kabla na ya baada. Na mwenye chumba cha Nungwi, kama kipo, naye aje.