Manukuu ya mahojiano ya Mzee: kazi niliyolipia Moshi mjini, na kwa nini bado nina hasira

Nimekasirika, na nimesubiri kwa makusudi hasira ipungue kabla ya kuandika, lakini haikupungua. Tulikuwa na mahojiano ya takriban dakika arobaini na mzee wa ukoo wetu, mkulima wa kahawa kutoka Kibosho, tuliyokusudia kuyaonyesha ndugu watakapopanda nyumbani Desemba. Mzee anazungumza Kiswahili na tulitaka manukuu ya Kiswahili hichohicho, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, kwa sababu wazee wengi wa upande wetu masikio yamechoka, na kwa sababu ukumbi wenye watoto wa Krismasi hauna utulivu wa kusikiliza sauti ya mtu mzima anayeongea polepole mwanzoni na haraka anapoguswa. Tukaipa kazi ofisi moja ya video iliyo ghorofani, si mbali na stendi. Sitaitaja jina.

Nianze na haki yao. Maneno waliyasikia vizuri kuliko nilivyotegemea. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kimeandikwa kihamba, majina ya vijiji yako sawa, na pale Mzee alipochanganya Kichaga katikati ya sentensi hawakubuni, waliuliza. Mtu akiyasoma maandishi yale kwenye karatasi hatakuta kosa la maana. Kama huduma hii ingeishia kwenye karatasi, ningeisifu bila kusita.

Tatizo ni kwamba manukuu hayasomwi kwenye karatasi. Tulipoleta kazi nyumbani tulimkalisha Bibi, mke wa Mzee, mbele ya runinga. Bibi anasoma Biblia yake kila siku bila shida, kwa hiyo kusoma si tatizo lake, tatizo ni masikio. Ilipofika sehemu ambayo mume wake anaeleza habari ya kahawa na ada za watoto, alisogea mbele, midomo ikicheza huku akisoma, na alipokuwa ndiyo kwanza amefika kwenye neno “chamani”, yaani kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, maandishi yakaondoka. Akanigeukia na kuuliza, “Amesemaje?” Aliishi mkasa ule mwenyewe, na bado hakuweza kujua mumewe anasema nini juu yake.

Nilifungua faili lenyewe. Sehemu ile ilikuwa hivi:

```
41
00:06:12,000 --> 00:06:17,000
Basi mwaka huo tulipeleka kahawa pale chamani, tukapimiwa, tukaandikiwa risiti,
lakini malipo ya pili hatukuyaona

42
00:06:17,000 --> 00:06:20,000
mpaka watoto walipokwisha kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.
```

Mstari wa kwanza wa namba 41 una herufi 79, ukihesabu nafasi na alama. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi ni herufi 42 kwa mstari na mistari isiyozidi miwili, kwa hiyo runinga iliuvunja mstari ule yenyewe, mahali ilipotaka, na Bibi akapata ngazi ya mistari mitatu iliyofunika kidevu cha mumewe. Jambo zito zaidi ni muda. Herufi zote za namba 41 ni 112, na zimepewa sekunde 5, sawa na herufi zaidi ya 22 kwa kila sekunde. Kiwango ambacho mtu mzima husoma bila kukimbizwa, huku akipata pia nafasi ya kumtazama usoni anayezungumza, huwekwa kwenye herufi 17 hivi kwa sekunde. Sihitaji kipimo kuyajua hayo, nilimwona Bibi. Lakini kipimo kilinisaidia kuzungumza na ofisi.

Au nilidhani kingenisaidia. Nilirudi mjini na yule bwana mwenye ofisi hata kiti hakunikaribisha. Aliangalia skrini yake na kusema, “Mama, maneno yote yapo. Sasa unalalamika nini?” Nilipomwonyesha muda, alihesabu maneno ya namba 41, akapata 15 kwa sekunde 5, yaani 180 kwa dakika, na akaniambia kwamba hata BBC hupendekeza maneno 160 hadi 180 kwa dakika. Kisha akaongeza jambo ambalo sitalisahau: “Hakuna mtu anayesoma kila neno.”

Hesabu yake ni sahihi na hoja yake ni batili, na ningependa kila anayefanya kazi hii kwa Kiswahili aelewe sababu. Mapendekezo yale ya BBC ni ya Kiingereza, ambako maneno mengi ni mafupi. Kwetu kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendewa kwa pamoja: “tukaandikiwa” ni neno moja lenye herufi 12, na “hatukuyaona” lina 11, ndani yake mna sisi, mna kukanusha, mna yale malipo. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliruka neno kama hilo na kubaki na maana, kwa sababu ukikosa kiambishi cha mwanzo umekosa kama walilipwa au hawakulipwa. Kwa hiyo anayepima manukuu ya Kiswahili kwa idadi ya maneno atajiona yuko salama huku msomaji wake ameachwa njiani. Herufi ndizo za kuhesabu. Programu ya Subtitle Edit, ambayo ni ya bure, huonyesha herufi kwa sekunde kwa kila kipande na kukiwekea rangi ya onyo kikizidi kiwango ulichokipanga. Baadaye niliiona programu hiyohiyo ikiwa wazi kwenye kompyuta ya ofisi ile.

Alikubali kurekebisha, kwa kununa. Marekebisho yalipokuja, kwa muda mfupi nilifurahi na nikawa tayari kufuta kila nilichokifikiria juu yao. Mistari ilikuwa mifupi, maandishi yalikaa. Kisha nikafika kwenye namba 41:

```
41
00:06:12,000 --> 00:06:17,000
Mwaka huo tulipeleka kahawa chamani,
lakini malipo hatukuyaona.
```

Herufi 62 kwa sekunde 5, raha tupu kwa macho. Na ni uongo. Anayejua kilimo cha kahawa cha huku anajua kwamba mkulima alipokabidhi kahawa kwenye chama cha msingi alipewa malipo ya kwanza, na malipo ya pili yalifuata baada ya kahawa kuuzwa mnadani. Mzee alilipwa yale ya kwanza. Analalamikia ya pili kuchelewa hadi watoto wakafukuzwa shule kwa kukosa ada. Ukiondoa “ya pili” na kuweka nukta baada ya “hatukuyaona”, umemfanya mzee wa watu aseme kwamba chama kiliwadhulumu kahawa yao yote, mbele ya ukumbi ambamo watakaa watoto wa makarani wa chama hichohicho. Huyu ni mtu aliyepima maneno yake maisha yake yote. Hapo nilikata shauri kwamba fedha zangu zirudi.

Sasa lazima niseme jambo linalopingana na hasira yangu. Niliporudi kwa vita, bwana hakuwapo, na binti anayefanya kazi pale aliniamkia, akanipa kiti, akaniomba nimwonyeshe kipande kinachoniumiza. Alikisikiliza mara kadhaa macho yakiwa kwenye ile michoro ya mawimbi ya sauti, kisha akasema, “Mama, hapa kuna ukimya, na kamera haijahama.” Ni kweli. Mzee akimaliza kusema “ada” kwenye dakika ya 6 na sekunde 20, ananyamaza na kuangalia mikono yake kwa sekunde kama nne, katika picha ileile. Maandishi yalikuwa yanaondolewa pindi sauti inapokoma, ilhali hakuna lililozuia yabaki kidogo. Mimi nilikuwa sijauona ukimya ule kama nafasi ya kusomea. Kwa pamoja tukatengeneza hivi:

```
41
00:06:12,000 --> 00:06:16,000
Mwaka huo tulipeleka kahawa chamani,
tukapimiwa, tukaandikiwa risiti,

42
00:06:16,080 --> 00:06:21,080
lakini malipo ya pili hatukuyaona
mpaka watoto wakarudishwa kwa ada.
```

Angalieni kilichoondoka: “basi”, “pale”, “nyumbani”, na urefu wa “walipokwisha kurudishwa nyumbani kwa ajili ya”. Hakuna ushahidi uliopotea. Kipimo, risiti, malipo ya pili na watoto vyote vimebaki, na mkato baada ya “risiti” unamwambia msomaji kwamba sentensi bado inaendelea. Kipande cha kwanza kina herufi 68 kwa sekunde 4, yaani 17 kamili. Cha pili kina 67 kwa sekunde 5, kwa sababu kimeingia sekunde moja ndani ya ule ukimya. Kati ya vipande hivyo kuna mwanya wa fremu mbili, ambao kwa video yetu ya fremu 25 kwa sekunde ni hizo milisekunde 80, ili jicho litambue kwamba maandishi yamebadilika. Kipande cha pili kinaanza nusu sekunde hivi baada ya Mzee kusema “lakini”. Binti hakulipenda hilo, na mimi pia silipendi, ila tulikubaliana kwamba kuchelewa nusu sekunde ni afadhali kuliko kukosa mstari mzima. Mistari imekatwa mahali ambapo hata msemaji angevuta pumzi. “Malipo ya” hayakuachwa juu na “pili” kutupwa chini, kama ilivyokuwa kwenye sehemu nyingine kadhaa za kazi ya mwanzo.

Tuliendelea hivyo hadi jioni. Sehemu moja ilitushinda: Mzee anapotaja kwa mfululizo majina ya waliochimba mfereji pamoja naye, anakwenda kasi, na majina ya watu hayafupishwi. Hakuna ukimya wa kuazima, na kumwondoa mtu mmoja ni kumwondoa mbele ya wajukuu zake. Tuliyaacha yote, yakipita kwa herufi 20 kwa sekunde, na binti aliandika pembeni kwamba hapo kiwango kimevunjwa kwa kujua.

Kwa hiyo nisemeje kuhusu ofisi hii? Nilikuwa nimeandika kwamba mtu asikanyage pale. Siwezi kuliandika hilo baada ya kazi ya yule binti. Lakini kazi ile ilipaswa kufanywa na ofisi kabla ya kunidai, si na mteja aliyekaa kando ya kompyuta mchana kutwa, na bado nilitozwa “gharama ya marekebisho” juu ya bei ya awali, ambayo nimekataa kuilipa. Bwana hajanipigia. Anayetaka kwenda na aende akamuulize binti, akubaliane naye kwa maandishi kuhusu herufi kwa sekunde na herufi kwa mstari kabla ya kutoa malipo ya utangulizi, na aombe kuona dakika tano za mwanzo, akae na mtu asiyesikia, amtazame akisoma. Bibi ameshaliona toleo jipya. Safari hii hakuniuliza kitu, ila alimuuliza Mzee kwa nini hakumtaja shemeji yake kwenye ile habari ya risiti.