TAHADHARI: Wanaojiita "kitengo cha mirathi" wanawapigia wafiwa kuhusu salio la marehemu

Ndugu zangu, kama umefiwa hivi karibuni, au una mtu wa karibu aliyefiwa, tafadhali soma hadi mwisho. Kuna watu wanapiga simu wakidai wanatoka kampuni ya simu, "kitengo cha mirathi", na kwamba marehemu ameacha pesa kwenye laini yake. Wamemwibia wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Naandika kwa ruhusa yake.

Alipigiwa siku ya tisa baada ya mazishi. Mpigaji alimpa pole kwa utulivu, akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akataja jina kamili la kaka, namba yake ya simu na siku aliyozikwa. Wifi akaona huyu lazima ni mtu wa kampuni, angejuaje yote hayo? Baadaye tulikaa tukalisoma upya tangazo la msiba tulilolisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Yote yalikuwemo humo: jina la marehemu, majina ya watoto, tarehe ya maziko, na namba za kupokelea rambirambi, mojawapo ikiwa ya kaka mwenyewe kwa sababu simu yake ilikuwa mikononi mwa mdogo wetu. Tapeli alichofanya ni kusoma tu.

Kisha akamtajia salio. Hakusema "kuna pesa nyingi", alitaja kiasi kamili hadi vichele vya mwisho, na hapo ndipo wifi alipoamini kabisa. Miezi kadhaa baadaye tulipopata taarifa ya miamala, tuliona kiasi kile hakikukaribiana hata kidogo na kilichokuwemo. Alikitunga. Anajua mfiwa hana namna ya kuhakiki. Kampuni ya simu haimtajii mtu salio la marehemu kwa simu. Hutajiwa baada ya kuwasilisha nyaraka na kuthibitishwa kuwa una haki. Kwa hiyo anayekutajia salio bila wewe kuwasilisha chochote, ama amelitunga, ama ni mfanyakazi anayechungulia akaunti za watu. Wote wawili kaa nao mbali.

Akamwambia salio lisipodaiwa ndani ya siku saba linarudi serikalini. Huu ni uongo. Pesa ya marehemu kwenye akaunti ya simu ni mali ya mirathi, sawa na pesa iliyo benki. Haiozi kwa wiki moja. Hata pale ambapo sheria inapeleka pesa zisizodaiwa serikalini, hesabu yake ni ya miaka. Ukisikia siku saba, kata simu.

Wifi alituma ada ya "kufungua jalada" kwenye namba ya mtu binafsi. Akatuma pia picha za kitambulisho chake, mbele na nyuma. Mwisho akaambiwa: "Mama, zitaingia tarakimu sita, nisomee ili nikuunganishe na mfumo." Ujumbe ukaingia, akasoma zile tarakimu tu. Chini yake palikuwa na onyo la kutompa mtu yeyote namba hizo, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi na mtu yuko hewani anamharakisha. Zilikuwa tarakimu za kuhamisha WhatsApp yake. Ndani ya robo saa ndugu zetu wanne walikuwa wamepokea ujumbe kutoka kwake wa kuomba kukopeshwa pesa, na wawili walituma. Nani angemnyima mjane?

Kama yamekukuta hivyo, usianze kugombana naye kwenye simu. Ingia WhatsApp upya kwa namba yako na uombe tarakimu mpya. Ukiziweka, yeye anatolewa. Akiwa ameshaweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, utasubiri siku 7 kuingia, lakini yeye tayari atakuwa nje. Papo hapo ipigie huduma kwa wateja ya kampuni yako ya simu, kwa namba unayoijua tangu zamani, uombe muamala uzuiwe. Pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, kuna uwezekano wa kuizuia. Ikishatolewa, inabaki polisi. Sisi tulichelewa.

Sasa niwaeleze njia halali ilivyo, kwa sababu ukiijua, simu ya tapeli utaitambua kwenye sentensi ya pili.

Kwanza tenganisha laini na pesa. Namba ya simu kwa kawaida si mali ya mteja, anapewa tu kuitumia. Kwa hiyo kuhamishiwa namba ya marehemu ni ombi, na kampuni ina utaratibu wake wa kulikubali au kulikataa. Salio la pesa ni la warithi na linafuata sheria ya mirathi. Mnaweza kupata pesa bila namba.

Nyaraka zenyewe ni hizi. Cheti cha kifo halisi, na hapa wengi hukwama, kwani kibali cha mazishi au karatasi ya hospitali si cheti cha kifo. Kitambulisho cha marehemu au nakala yake, na kitambulisho cha anayeomba. Halafu hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Ziko kampuni zenye njia fupi kwa salio dogo, ambapo barua ya kiongozi wa eneo na maandishi ya wanafamilia kumkubali mwakilishi mmoja hutosha. Ulizia dukani kabla ya kwenda mahakamani kwa ajili ya salio hilo pekee. Na barua ya maombi, yenye jina la marehemu kama lilivyosajiliwa kwenye laini, namba yake, tarehe ya kifo, na unachoomba: kufungiwa akaunti, taarifa ya miamala, au kuhamishiwa salio. Vyote unaviomba kwa wakati mmoja, usiende mara tatu.

Kilichotukwamisha sisi ni jina. Laini ilisajiliwa kwa majina mawili, cheti cha kifo kilikuwa na matatu, na la kwanza liliandikwa kwa herufi tofauti. Mhudumu alirudisha faili lote. Ilibidi wifi aape hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na hati hiyo ikaambatanishwa mahakamani na dukani. Kwa hiyo, kabla hujaomba hata cheti cha kifo, angalia jina lililotokea kwenye ujumbe wa miamala ya marehemu, lipigie mstari, na uhakikishe nyaraka zinalifuata au kiapo kinaeleza tofauti. Mkikuta laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, kama ilivyo kwa laini nyingi za zamani, basi machoni pa kampuni mwenye akaunti ni huyo mtu. Akiwa hai, yeye ndiye wa kufika dukani, na familia ikubaliane naye kwanza kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hufanya, na najua wapo watakaokasirika nikilisema. Mtu anaijua namba ya siri ya marehemu, anatoa pesa usiku uleule, wakati mwingine kwa nia njema kabisa ya kugharimia mazishi. Taarifa ya miamala inaonyesha tarehe na saa. Tarehe ya kifo iko kwenye cheti. Mrithi mmoja akilalamika, huyo aliyetoa ndiye atakayejibu, na nia njema haiandikwi kwenye taarifa. Kama mna dharura, kubalianeni wote kwa maandishi mkope kwingine, mrudishe mirathi ikitoka.

Na kama namba ya siri hamuijui, msibahatishe. Laini yenye kufuli hujifunga ukikosea mara 3, halafu inadai namba ya kuifungulia iitwayo PUK; ukikosea PUK mara 10 laini inakufa moja kwa moja. Akaunti ya pesa nayo hufungwa kwa makosa machache.

Laini yenyewe itunzwe. Namba isipotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na baadaye huuzwa kwa mtu mwingine. Huyo mgeni ndiye atakayeanza kupokea ujumbe wa benki wa marehemu na tarakimu za kufungulia barua pepe yake. Iacheni ndani ya simu iliyofungwa kwa namba ya siri, anayo mtu mmoja anayejulikana kwa wote, hadi benki na kwingineko wapewe taarifa ya kifo. Mkienda kutoa taarifa ya kifo kwa kampuni ya simu, ulizeni kwanza kama watafunga akaunti ya pesa peke yake au na laini nzima, maana laini ikifungwa na ujumbe hauingii tena.

Hapo ndipo anapoingia tapeli wa aina ya pili, huyu hapigi simu, mnamtafuta wenyewe. Anajiita wakala, anasema atawatolea laini mpya ya marehemu bila cheti wala mahakama, mpeni kitambulisho cha marehemu tu. Laini mpya ikishatoka, ya zamani inazima, na iliyo hai iko kwake. Anatoa pesa, na kama akaunti ilikuwa na huduma ya mikopo, anakopa hadi kikomo kwa jina la mtu aliye kaburini. Dalili ni rahisi: simu ya marehemu iliyokuwa na mtandao ghafla haina. Ikitokea, nendeni dukani siku hiyohiyo. Deni likibaki kwenye akaunti, kampuni hulikata kwanza kabla ya kuwapa warithi kilichobaki, na kuthibitisha kwamba marehemu hakukopa kunategemea kama mlishatoa taarifa ya kifo kabla.

Njia halali inapita kaunta, mkononi una nyaraka halisi, na unaondoka na karatasi yenye namba ya ombi lako. Hakuna hatua inayohitaji namba yako ya siri. Hakuna tarakimu za kumsomea mtu. Kama kuna ada, unailipia pale na kupewa risiti. Pesa ikitoka inaingia kwenye akaunti yenye jina la msimamizi aliyetajwa na mahakama.

Jambo la mwisho, limetokea juzi. Wifi amepigiwa tena, sauti nyingine, anajitambulisha kuwa mpelelezi, anasema wamemkamata yule tapeli na pesa zake zipo tayari, alipie tu "ada ya kuachilia". Namba yake ipo kwenye orodha yao sasa, na mtu aliyewahi kutuma huhesabiwa kuwa atatuma tena. Safari hii alimwuliza namba ya jalada la polisi tuliyopewa kituoni. Simu ikakatwa.