Kumhoji mtaalamu mtandaoni au ana kwa ana?

Kama umeanzisha podikasti ili ufahamiane na wataalamu unaovutiwa nao, mahojiano ya mtandaoni hukubaliwa upesi: unaomba dakika 40 tu, naye haondoki ofisini kwake. Kila mmoja arekodi sauti upande wake, maana intaneti ikiyumba maneno humezwa. Tatizo ni kwamba akishakata simu, mmeachana hapo hapo.

Ana kwa ana kuna foleni, feni ya kuzima, na jogoo wa jirani asiyejua ratiba yako. Lakini wakati unakunja nyaya, kinasa sauti kimeshazimwa, ndipo mgeni husema aliyokuwa ameyabana na kukutajia mwenzake wa kumtafuta. Kwa mgeni ninayemtaka kweli, mimi hupanda daladala.